Masi molari imekataa kutoka sawa: angalia kwanza jibu limeegemea upande gani

Kikundi cha wanafunzi watatu kiliniletea karatasi yenye namba 104, na pembeni yake alama ya kuuliza. Nilikuwa nimewapa unga mweupe kwenye kichupa kisicho na lebo. Ulitokana na vile vidonge vya kuweka kabatini kufukuza nondo na mende, nami nilitaka waniambie umetengenezwa kwa nini. Vidonge vya namna hiyo kwa kawaida huwa ama vya naftalini, ambayo masi yake molari ni gramu 128 kwa moli, ama vya paradiklorobenzini, ambayo ni gramu 147. Namba 104 haipo kati ya hizo mbili wala haikaribii hata mojawapo.

"Labda ni kitu cha tatu, mwalimu," mmoja akasema.

Hakikuwa kitu cha tatu. Kosa lilikuwa kwenye grafu, na niliweza kulikisia kabla hata sijaiona, kwa sababu jibu lao lilikuwa dogo. Upande ambao jibu limeegemea hukuonyesha pa kuanzia kutafuta.

Jaribio lenyewe ni hili. Unapima gramu 20.00 za sikloheksani safi, unaipoza na kusoma inagandia wapi, yaani karibu na nyuzi 6.5 za Selisiasi. Kisha unatia humo gramu 0.250 za unga usioujua, unakoroga mpaka uyeyuke wote, unapoza tena. Safari hii mmumunyo unagandia chini zaidi. Tofauti kati ya viwango viwili vya kuganda ndiyo ΔT, nayo inaingia hapa:

```
M = (Kf × gramu za unga) / (kilo za kiyeyushi × ΔT)
```

Kf ni namba ya kudumu ya kiyeyushi chenyewe, na kwa sikloheksani tulitumia 20.0. Maji yana 1.86 tu. Ndiyo maana kazi hii hufanywa kwa sikloheksani: mshuko ambao kwenye maji ungekuwa sehemu ya kumi ya nyuzi, huku unakuwa nyuzi nzima na zaidi.

Sasa tazama kinachohesabiwa. Sikloheksani haijui uzito wa kilichotiwa ndani yake. Inachokihisi ni idadi ya chembe zilizojipenyeza kati ya molekuli zake na kuzizuia kujipanga zigande. Wewe umeipa gramu, yenyewe inakurudishia idadi, na masi molari ni gramu gawanya kwa idadi. Kwa hiyo jibu likitoka dogo, chembe zimehesabiwa nyingi kupita zilizopo kwenye unga wako. Likitoka kubwa, zimehesabiwa chache.

Jibu limetoka dogo

Mkosaji wa kwanza huwa ni grafu. Mmumunyo ukipozwa haugandi pale pale unapofika kwenye kiwango chake. Huendelea kushuka ukiwa bado maji maji, halafu fuwele ya kwanza ikishajitokeza, joto linalotolewa na kuganda huisukuma halijoto ipande ghafla. Ukichora halijoto dhidi ya muda unapata mstari unaoteremka, kibonde, kipando kifupi, halafu mteremko wa taratibu. Wanafunzi wangu walisoma chini kabisa ya kibonde, nyuzi 4.1. Sikloheksani yao safi iligandia 6.5, kwa hiyo wakapata ΔT ya 2.4:

```
M = (20.0 × 0.250) / (0.02000 × 2.4) = 104
```

Kibonde hakihusiani na unga. Kinategemea ulikoroga kwa kasi gani, ukuta wa neli ulikuwa laini kiasi gani, na bahati. Rudia jaribio lile lile na kibonde kitahamia 3.8 au 4.3.

Wengine husoma kilele cha kile kipando, ambacho kwao kilikuwa 4.5. Hapo umekaribia, ila bado umeteleza kidogo. Halijoto inapopanda ghafla, sehemu ya sikloheksani imeshageuka fuwele, na fuwele hizo ni sikloheksani tupu. Unga wote umebaki kwenye kimiminika kilichopungua, kwa hiyo mmumunyo umekolea kuliko ulivyoutengeneza. Ndiyo sababu pia baada ya kilele grafu haitulii kama ya kiyeyushi safi bali inateremka polepole: kadiri kinavyoganda, kinachobaki kinazidi kukolea. Kwenye sikloheksani jambo hili lina uzito wake, kwa kuwa joto lake la kuganda ni dogo. Ikipoa nyuzi moja chini ya kiwango chake kabla ya kuganda, karibu asilimia 6 yake hugeuka fuwele kwa mkupuo. Kwenye maji ingekuwa kama asilimia 1 na robo.

Dawa yake ni rula. Chukua ule mteremko wa taratibu ulioko baada ya kilele, uuvute kwa mstari mnyoofu kurudi nyuma mpaka ukutane na mstari wa mwanzo wa kupoa. Pale inapokutana mistari ndipo mmumunyo ungeanza kuganda kama usingechelewa. Kwenye karatasi yao makutano yalikuwa 4.6. ΔT ikawa 1.9, na M ikawa 132.

Je, 132 inatosha kusema ni naftalini? Kipimajoto chao kilikuwa na vijistari vya sehemu ya kumi ya nyuzi. Tuseme ΔT inaweza kuwa imekosewa kwa 0.1 kila upande. Kwa 1.8 unapata 139, kwa 2.0 unapata 125. Paradiklorobenzini ingetaka ΔT ya 1.70, ambayo iko nje ya mpaka huo. Kwa hiyo ndiyo, ila kwa ukingo mwembamba. Kwa kipimajoto cha vijistari vya nyuzi nzima nzima usingeweza kuzitofautisha, kwani zinapishana robo nyuzi tu, na ukilipata jibu zuri kwa kifaa hicho basi umebahatisha.

Ili kibonde kisiwe kirefu, poza taratibu. Neli yenye mmumunyo iweke ndani ya neli pana zaidi ili pawe na hewa katikati, halafu zote mbili zitumbukize kwenye bika la maji na barafu. Ernst Beckmann alipotengeneza chombo chake cha kazi hii mwaka 1888 aliweka koti hilo hilo la hewa. Koroga kwa waya wenye kitanzi bila kusimama, na halijoto ikishapita panapotarajiwa bila dalili ya fuwele, kwangua ukuta wa neli kwa ncha ya kijiti cha kioo au dondoshea punje ya sikloheksani iliyogandishwa pembeni.

Mkosaji wa pili ni mjanja zaidi kwa sababu grafu yake hutoka nzuri: neli iliyooshwa kwa asetoni isikauke. Tone moja la asetoni lina kama miligramu 16. Unaweza kuona si kitu ukilinganisha na miligramu 250 za unga, lakini kumbuka hapa hatupimi uzito. Molekuli ya asetoni ina masi ya 58 tu, hivyo tone hilo ni milimoli 0.28, na peke yake linashusha kiwango cha kuganda kwa nyuzi 0.28. Sasa fikiria kichupa chako kilikuwa na paradiklorobenzini. Ilipaswa ishushe 1.70. Jumlisha na tone, unapata 1.98, na hesabu inakupa 126. Umeandika "naftalini" kwa kujiamini kabisa, grafu safi, hesabu safi, na umekosea.

Utalijuaje? Kama tone lilikuwemo tangu ulipopima sikloheksani peke yake, limeshusha vipimo vyote viwili kwa kiasi kile kile na tofauti haijaguswa. Hatari ni kuosha neli katikati, baada ya kipimo cha kwanza na kabla ya cha pili. Mimi huwaambia wasioshe: pima sikloheksani safi, iache iyeyuke, tia unga humo humo kwenye neli ile ile. Unaokoa kiyeyushi, unakwepa asetoni, na hakuna matone yaliyobaki kwenye chombo kingine.

Kutumia neli ile ile na kipimajoto kile kile kunatibu ugonjwa mwingine pia. Wapo wanaoruka kipimo cha kiyeyushi safi wakaandika 6.5 kutoka kitabuni. Ikiwa kipimajoto chako husoma chini kwa 0.3, basi mmumunyo utausoma 4.3 badala ya 4.6, ukitoa kutoka 6.5 ya kitabu unapata 2.2, na M inakuwa 114. Ungesoma vyote viwili kwa kipimajoto hicho hicho kibovu, ubovu ungejifuta wenyewe kwenye kutoa.

La mwisho upande huu ni uvukizi. Sikloheksani huruka upesi, na neli ikikaa wazi wakati mnabishana nani aandike, ikipotea gramu moja kati ya 20, mmumunyo umekolea kwa asilimia 5 na jibu limeshuka kwa kiasi hicho. Ziba kwa kizibo chenye matundu mawili tu, la kipimajoto na la waya. Na moto usiwepo chumbani, kwa sababu mvuke huo unashika kwa urahisi.

Jibu ni nusu kamili ya linalotarajiwa, au mara mbili

Ukikosea kwa asilimia 10 au 20, shuku mikono. Ukikosea kwa nusu au kwa mara mbili, acha mikono, shuku kemia.

Chumvi ya mezani ina masi ya 58.4. Ukitia gramu 1 kwenye gramu 100 za maji, kiwango cha kuganda kinashuka kama nyuzi 0.59, na hesabu inakupa 31 au 32. Hujakosea popote. Chumvi imegawanyika kuwa ioni mbili, kila moja inahesabiwa, na jibu linakaribia nusu. Halifiki nusu hasa, yaani 29.2, kwa kuwa ioni zenye chaji tofauti huvutana na hazifanyi kazi kama chembe huru kabisa. Njia rahisi ya kuthibitisha ni kupima kama mmumunyo unapitisha umeme.

Upande wa pili ni asidi kama ya benzoiki. Masi yake ni 122, ila ikiyeyushwa kwenye benzini hutoa jibu linalokaribia 244. Molekuli zake hushikana mbili mbili kwa vifungo vya haidrojeni, kichwa kwa kichwa, na kiyeyushi kinahesabu jozi kama chembe moja. Benzini yenyewe siku hizi haifai kuwekwa mbele ya wanafunzi kwani husababisha saratani, lakini tabia hiyo ya kujifunga jozi huonekana kwa asidi za namna hiyo katika viyeyushi vingi visivyo na ncha za umeme. Ukishuku, yeyusha kitu hicho kwenye kiyeyushi cha aina nyingine kabisa. Jibu likibadilika kwa kubadilisha kiyeyushi, kilichobadilika ni idadi ya chembe.

Jibu limetoka kubwa, si mara mbili

Hapa mara nyingi kuna unga ambao haukufika au haukuyeyuka. Tazama karatasi ya kupimia: imebaki na vumbi jeupe? Tazama shingo ya neli juu ya kimiminika: kuna punje zimenasa? Miligramu 20 zilizonasa zinapandisha jibu la naftalini kutoka 128 hadi 139, na hapo unaanza kuielekea paradiklorobenzini. Pima karatasi kabla na baada ya kumimina, uchukue tofauti. Punje zilizonasa ziteremshe kwa kuinamisha neli ili kimiminika chenyewe kizioshe, wala usiongeze kiyeyushi.

Kama hakuna punje na bado jibu liko juu, kagua Kf. Vitabu havikubaliani: kwa sikloheksani utakuta 20.0 na utakuta 20.8. Kwa vipimo vya wale watatu, 20.8 ingetoa 137, ambayo iko karibu katikati kabisa ya 128 na 147, mahali pabaya kuliko pote. Usibishane na vitabu. Chukua naftalini ambayo lebo yake unaiamini, ipitishe kwenye neli yako, kwa kipimajoto chako, ukitumia 128.2 kutafuta Kf, na namba utakayoipata ndiyo uitumie kwa kitu usichokijua. Hata makosa madogo ya kudumu ya chombo yatakuwa yameshamezwa humo.

Kipimajoto hakisogei kabisa

Umeyeyusha protini au plastiki, unga umeisha wote, na kiwango cha kuganda ni kile kile. Hapa hakuna kosa la kusahihisha. Umeshika chombo kisichofaa.

Chukua himoglobini, yenye masi ya kama 64,500. Gramu 10 kwenye lita moja ya maji ni chembe chache sana, na mshuko ni nyuzi 0.0003. Hata ungekuwa na kipimajoto cha kuuona, miligramu 10 za chumvi zilizobaki kutoka kwenye usafishaji zingeleta chembe mara mbili ya protini yenyewe. Ungekuwa unapima chumvi.

Mmumunyo huo huo ukiuweka nyuma ya utando unaopitisha maji na kuzuia protini, maji safi ya upande wa pili yataingia na kusukuma safu ya kimiminika ipande kwenye mrija. Kwa nyuzi 25 shinikizo ni paskali 384, yaani milimita 39 za maji, urefu unaoupima kwa rula ya shule. Na chumvi? Inapita utando, inasawazika pande zote mbili, haihesabiwi. Kwa njia hii Gilbert Adair mwaka 1925 alionyesha himoglobini ni kama 67,000, mara nne ya kiwango cha chini kilichokisiwa kutokana na chuma kilichomo. Usiigeuze njia hii kwa vitu vidogo, maana utando hautazizuia molekuli za sukari kirahisi, na hata ungezizuia, desimoli moja kwa lita ingetaka mrija wa mita 25.

Tuseme sasa una polistireni, plastiki ambayo molekuli zake ni minyororo mirefu, kwenye tolueni, kwa nyuzi 25, na ukokotoaji ni huu, ambapo π ni shinikizo, c ni mkolezo, T ni halijoto kwa kelvini na R ni namba ya kudumu ya gesi:

```
M = R × T × c / π
```

Dalili inayowasumbua wengi: kila mkolezo unatoa masi yake. Kwa mfano, gramu 4 kwa lita zinatoa paskali 115, gramu 7 zinatoa 222, gramu 10 zinatoa 347. Ukikokotoa moja moja unapata 86,000, halafu 78,000, halafu 71,000. Minyororo ni ile ile, haijakatika. Ni kwamba minyororo mirefu hugombea nafasi, na fomula iliandikwa kwa mmumunyo mwepesi ambamo chembe hazijuani. Kwa hiyo gawanya shinikizo kwa mkolezo: 28.7, 31.7, 34.7. Zinapanda kwa 1 kwa kila gramu. Vuta mstari huo mpaka mkolezo sifuri, unakuta 24.7. RT kwa nyuzi 25 ni 2478, ukigawanya na 24.7 unapata kilo 100 kwa moli, yaani 100,000. Kipimo kimoja hakitoshi hapa, hata kiwe kizuri vipi.

Safu ikipanda, ikatua kidogo, halafu ikaanza kushuka polepole saa baada ya saa, kuna minyororo mifupi inayopenya utando. Hiyo iliyotoka haihesabiwi tena na masi itatoka kubwa. Pima kimiminika cha upande wa pili: kikaushe kwenye sahani ya saa uone kama kinaacha utando wa plastiki. Safu inayopanda mchana na kushuka usiku ni jambo jingine. Chombo chako kimegeuka kipimajoto, kiweke ndani ya maji ya halijoto isiyobadilika.

Na kwa protini, masi ikitoka ndogo mno, shuku chaji. Protini yenye chaji hushikilia ioni zake upande wake, haziwezi kuiacha zikapita, nazo zinahesabiwa. Tia chumvi ya kutosha pande zote mbili na weka pH karibu na pale protini inapokosa chaji, kwa himoglobini ni karibu 6.8, kisha pima upya. Shinikizo likishuka na masi ikapanda, ulikuwa unahesabu ioni.